Freeze card, Online payments au Card limits: uchague kipi kwenye aplikesheni ya benki iliyo kwa Kiingereza

Ukifungua sehemu ya kadi kwenye aplikesheni ya benki, mara nyingi utakutana na vitu vitatu vimepangwa karibu karibu: `Freeze card`, `Online payments` na `Card limits`. Mfanyabiashara wa vitenge Makoroboi hapa Mwanza au mwenye mitumbwi pale Mwaloni Kirumba, anayenunua mzigo mtandaoni na kulipa kwa kadi akiwa safarini Dar es Salaam au Kampala, anaviona kama vitu vya kazi moja: kulinda pesa. Kumbe kila kimoja kinazuia aina yake ya malipo, na pesa huibwa kupitia ile aina ambayo hukuizuia. Nimeandika ulinganisho huu kwa ajili ya mtu ambaye menyu yake iko kwa Kiingereza na hajui abonyeze ipi.

Kwanza, ingia kwenye `Settings` utafute `Language`. Benki kadhaa zina Kiswahili humo ndani. Ila hata ukibadili, sehemu ya kadi wakati mwingine hubaki kwa Kiingereza, hivyo maelezo haya bado yatakufaa.

Vigezo

Kila kimoja nitakipima kwa maswali manne. Kinazuia malipo gani? Kinaacha yapi yaendelee? Kukirudisha kama kilivyokuwa kuna ugumu gani? Na kwa mtu anayesoma Kiingereza cha kubahatisha, makosa hutokea wapi?

Ili majibu yaeleweke, tenganisha aina mbili za malipo ya kadi. Kuna malipo ambayo kadi yenyewe ipo: unaichomeka ATM, unaichomeka kwenye mashine ya POS dukani, au unaigusisha tu. Halafu kuna malipo ya namba tupu: mtu anaandika tarakimu 16 za mbele, tarehe ya mwisho wa kadi na tarakimu 3 za nyuma, na kadi yako inaweza kuwa kabatini nyumbani Nyegezi wakati huohuo. Mwizi aliyeokota kadi na mwizi aliyenakili namba zake ni watu wawili tofauti, na dawa zao hazifanani.

Ujue pia kwamba kadi si akaunti. Kutuma pesa toka benki kwenda kwenye simu, au kuhamisha toka akaunti moja kwenda nyingine ndani ya aplikesheni, hakupitii kwenye kadi. Vyote vitatu nitakavyovieleza havigusi upande huo.

Soma maneno, usisome rangi

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Swichi ikiwa ya kijani tunasema "imewashwa", lakini imewasha nini? Kwenye aplikesheni moja utakuta `Online payments` ikiwa ya kijani, maana yake malipo ya mtandaoni yanaruhusiwa. Kwenye nyingine utakuta `Block online payments` ikiwa ya kijani, maana yake yamezuiwa. Rangi ni ileile, matokeo ni kinyume. Neno la kulitafuta ni lile la mbele: ukiona `Block`, `Disable`, `Freeze` au `Lock`, kijani ni kizuizi kinachofanya kazi. Ukiona `Allow`, `Enable`, au jina la malipo peke yake, kijani ni ruhusa.

Neno jingine la hatari ni `Cancel`. Likiwa ndani ya kisanduku kidogo kinachouliza kama una uhakika, `Cancel` linamaanisha "acha, nirudishe nilikotoka", na kitufe cha kuendelea ni `Confirm` au `Yes`. Lakini `Cancel card` ikiwa kwenye orodha ya menyu ni kuua kadi kabisa. Mzee mmoja alinionyesha simu yake akitaka kusitisha kadi kwa siku chache, na kidole kilikuwa tayari juu ya `Cancel card`. Nikamwambia, "Hiyo hapana, mzee wangu, hiyo hairudi." Chini yake kulikuwa na `Freeze card`, ndiyo aliyokuwa anaitafuta.

`Report lost or stolen` nayo ni ya kudumu. Benki inaifunga namba hiyo moja kwa moja na kukutengenezea kadi mpya yenye namba mpya. Hata ukiipata ya zamani kesho yake chini ya kiti cha daladala, haitafanya kazi tena.

Freeze card

Kwenye aplikesheni nyingine inaitwa `Lock card` au `Temporary block`. Inazuia karibu maombi mapya yote ya malipo kwa kadi hiyo: ATM, POS, kugusisha na mtandaoni. Kwa upana wa kuzuia, hakuna inayoifikia.

Inachoacha ndicho wengi hawakijui. Malipo ambayo benki ilikwisha kuyakubali kabla hujabonyeza yataendelea hadi mwisho. Kwenye orodha ya miamala yameandikwa `Pending`: pesa imeshatengwa, muuzaji bado hajaichukua. Ukifrizi kadi saa nne asubuhi na ukaona pesa inatoka jioni kwa ununuzi wa jana, hiyo si dalili kwamba kizuizi kimeshindwa. Kwa kawaida pesa inayorudishwa na muuzaji huingia vilevile hata kadi ikiwa imesitishwa. Kwa malipo yanayojirudia kila mwezi, kama ya huduma za filamu au ya kuhifadhi picha mtandaoni, benki hazifanani: zipo zinazoyakataa, zipo zinazoyaruhusu kwa kuwa uliyaidhinisha zamani.

Kuirudisha ni rahisi, `Unfreeze` na namba ya siri, na namba ya kadi haibadiliki. Kwa hiyo inamfaa mtu mwenye wasiwasi ambao bado hajauthibitisha: huioni pochi lakini huenda umeiacha dukani.

Makosa yako ya aina mbili. La kwanza ni mtandao. Ukiwa kwenye meli ya kwenda Nansio, au mwalo ambao mtandao unaingia na kutoka, unabonyeza, alama ya kusubiri inazunguka, unaweka simu mfukoni. Ombi halijafika benki. Toka kwenye aplikesheni, ingia upya, na usiamini mpaka uone neno `Frozen` au `Locked` juu ya picha ya kadi. Ndiyo maana namba ya huduma kwa wateja ya benki yako inafaa iwe imeandikwa kwenye karatasi pia, kwani kupiga simu ya kawaida huwezekana hata pale intaneti inaposuasua.

Kosa la pili ni kudhani umeshatoa taarifa. Kufrizi ni jambo kati yako na mashine. Hakuna mfanyakazi wa benki aliyeambiwa kwamba kadi imeibwa, na hakuna malalamiko yaliyofunguliwa. Kama kuna muamala usioujua, lazima upige simu au uende tawini, na mapema, kwa sababu haki ya kupinga muamala ina muda wake.

Online payments

Hii ndiyo ninayoona wengi wangeanza nayo, ingawa si kila mtu. Ukiizima, kadi inakataa malipo ya namba tupu: tovuti za manunuzi, matangazo ya biashara mitandaoni, tiketi za ndege. ATM na POS zinaendelea kama kawaida. Unaweza kwenda kutoa pesa Nyamagana na kulipa supamaketi bila kugusa swichi.

Umuhimu wake unatokana na jinsi namba zinavyoibwa. Watu huzoea kufikiri kwamba ujumbe wenye namba ya uthibitisho unaokuja kwenye simu unatosha kuwalinda. Unasaidia sana pale unapoombwa. Lakini si kila tovuti duniani inauomba. Nyingine zinapitisha malipo kwa tarakimu za kwenye kadi tu. Swichi ikiwa imezimwa, benki inakataa yote mawili bila kujali kama tovuti imeuliza au haikuuliza. Wezi wa namba pia hupenda kujaribu kwanza kwa kiasi kidogo, dola moja au chini ya hapo, kuona kama kadi iko hai. Jaribio hilo likikataliwa, mara nyingi unapata ujumbe wa muamala uliokataliwa. Usiupuuze ujumbe huo. Ikiwa wewe hukununua kitu, namba zako ziko mikononi mwa mtu, na hapo kadi inahitaji kubadilishwa hata kama hakuna shilingi iliyotoka.

Inachoacha ni kadi yenyewe. Mtu akiiokota, swichi hii haimzuii kuigusisha kwenye POS kwa kiasi kidogo kisichoombwa namba ya siri. Aplikesheni kadhaa zina swichi ya pembeni iitwayo `Contactless`. Kama yako inayo na huna tabia ya kugusisha, izime nayo.

Kuirudisha ni suala la sekunde chache, na ubora wake uko hapo: unawasha, unalipa, unazima. Zingatia tu mambo mawili. Usizime kabla ya kuona malipo yako yameandikwa `Pending` au `Completed`. Na kama muuzaji anachukua pesa kwa awamu, kwa mfano anakata tena siku ya kusafirisha mzigo, awamu ya pili inaweza kukataliwa ukiwa umeshazima. Wauzaji wa nje wanaotuma mzigo mafungu mafungu hufanya hivyo. Muulize kabla.

Njia ya kujua kama umeizima kweli: nenda kwenye tovuti au huduma unayoiamini na ujaribu kununua kitu cha bei ndogo. Kinatakiwa kikataliwe. Kikipita, ulisoma swichi kinyume.

Inamfaa mtu anayenunua mtandaoni mara chache, labda mara mbili kwa mwezi. Mwenye duka anayelipia matangazo kila siku ataichoka haraka, kwa sababu matangazo hukatwa bila ratiba, na siku yatakapokataliwa tangazo lake litasimama.

Card limits

Kikomo hakizuii aina ya malipo. Kinapunguza ukubwa wa hasara. Kwa kawaida kimegawanywa: `ATM withdrawal`, `Purchases` au `POS`, na `Online`. Ndani ya kila kimoja huenda ukakuta `Per transaction`, yaani kwa muamala mmoja, na `Daily`, yaani jumla ya siku. Unaweza kushusha upendavyo, lakini huwezi kupanda juu ya kiwango cha juu kabisa cha benki kwa aina ya akaunti yako.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kukumbuka kuwasha na kuzima. Unapanga mara moja na kuendelea na shughuli. Udhaifu wake ni ule wa dola moja: muamala wa kujaribu unapita chini ya kikomo bila shida, na mwizi mvumilivu anaweza kukata kidogo kidogo hadi jumla ya siku iishe, kesho akaanza upya.

Usumbufu mkubwa kwa wanunuzi wa mzigo ni kubadilisha fedha. Tuchukue mfano. Mtu wa Kirumba anaagiza vipuri vya injini ya boti, bei dola 180. Tuseme dola moja inauzwa shilingi 2,600. Anapiga hesabu: 180 mara 2,600 ni 468,000. Anaweka kikomo cha mtandaoni cha 470,000, akiwa na salio la 900,000, na anajiona ameacha nafasi kidogo. Malipo yanakataliwa. Tovuti inaandika `Your card was declined` na kunyamaza. Anajaribu tena mara tatu, anadhani tovuti ni ya matapeli.

Kilichotokea ni kwamba benki haitumii bei ya dola aliyoiona mtandaoni. Inatumia bei yake, na juu yake huongeza ada ya muamala wa fedha za kigeni. Tuseme jumla ya ongezeko hilo ni asilimia 3. Asilimia 3 ya 468,000 ni 14,040, kwa hiyo benki inaona ombi la 482,040. Limezidi kikomo kwa shilingi 12,040. Salio halina kosa lolote. Kwa malipo ya dola, ongeza angalau asilimia 5 hadi 10 juu ya hesabu yako. Hapa 510,000 ingetosha.

Kuna mtego mwingine. Hoteli na wakodishaji magari hutenga kiasi kikubwa kuliko bili kama dhamana, kisha wanakiachia baadaye. Kiasi kilichotengwa mara nyingi huhesabiwa ndani ya kikomo cha siku hata kama hakitachukuliwa kamwe. Vivyo hivyo ukilipa, muuzaji akafuta, ukalipa tena: benki inaweza kuhesabu mara mbili mpaka ule wa kwanza ufutike kabisa. Angalia `Remaining` kwenye ukurasa wa vikomo. Hiyo ndiyo nafasi iliyobaki leo.

Kosa la kubonyeza hapa ni kukosea idadi ya sifuri. Kisanduku kingine kinaongeza koma chenyewe, kingine kinakuwekea `.00` mwishoni, na 50000 na 500000 kwenye skrini ndogo yenye mwanga wa jua hufanana. Baada ya `Save`, rudi kwenye ukurasa na usome kiasi kwa sauti.

Kikomo kinamfaa anayetumia kadi kila siku, na anayempa mtu mwingine kadi ya biashara: kijana wa dukani, au mwenza anayesafiri kuchukua mzigo.

Malipo yakikataliwa, ni nani aliyekataa?

Ukiwa umetumia zaidi ya kimoja, siku kadi ikikataa utabaki kujiuliza. Ukiwa dukani omba karatasi ya POS, hata ya muamala ulioshindwa. Mara nyingi kuna tarakimu mbili za majibu. `51` ni salio halitoshi. `61` ni kikomo cha kiasi kimezidi. `57` ni aina hiyo ya muamala hairuhusiwi kwa kadi hiyo, jibu la kawaida pale swichi inapokuwa imezimwa. `62` ni kadi iliyozuiliwa. Ukiona `05`, benki imekataa bila kutaja sababu. Hiyo haifumbuki dukani, piga simu. Kwa malipo ya mtandaoni huna karatasi, lakini aplikesheni nyingi zinaonyesha muamala ulioandikwa `Declined`, na ukiugusa hupanuka na kutoa sababu kwa maneno machache.

Kwa hali yako

Kama kadi yako ni ya kutoa pesa ATM na kulipa dukani tu, zima `Online payments`, weka kikomo cha ATM kinacholingana na unachotoa kwa siku, na hutakuwa na haja ya kufrizi mpaka siku ya dharura.

Kama unaagiza mzigo mara moja moja, weka swichi ya mtandaoni ikiwa imezimwa, iwashe siku ya kulipa, na uongeze kikomo cha mtandaoni kwa hesabu ya dola tuliyoifanya. Kisha rudisha vyote viwili.

Kama unalipia matangazo au huduma za kila mwezi, swichi haitakufaa. Acha iwe wazi na utegemee kikomo kidogo cha `Per transaction`. Bora zaidi ni kutenga kadi nyingine, au kadi ya mtandaoni ya kampuni ya simu, yenye salio la malipo hayo tu.

Kama umeangusha kadi kwenye kivuko cha Kamanga au sokoni, friza kwanza, tafuta baadaye. Usipoipata ndani ya siku hiyo, tumia `Report lost or stolen` na uombe mpya.

Kama umeona muamala usioujua, friza, angalia kama umeandikwa `Pending` au `Completed`, piga picha ya skrini, na upige simu benki ukiwa na tarehe, kiasi na jina la muuzaji mkononi. Hata ukiwa bado `Pending`, waambie. Wewe huwezi kuuzuia kwa swichi yoyote.

Na kama vimeibwa kadi na simu pamoja, hapo kadi si hatari kubwa zaidi. Kwa simu ya jirani, ipigie kampuni ya simu wafunge laini, maana namba za uthibitisho zinakuja humo, halafu ipigie benki wafunge aplikesheni na kadi kwa pamoja. Baada ya hapo nenda tawini na kitambulisho cha NIDA.